Hisa 5,000 kati ya ngapi?

Wasee, wiki mbili zilizopita nilikaribia kusaini barua ya kazi nikiwa nimefurahi kama mtoto wa Krismasi. Statapu moja hapa Nairobi ilinitaka niwe msimamizi wa video zao. Mshahara 70,000 kwa mwezi, bima ya afya, na chini kabisa ya barua mstari mmoja: "opsheni za hisa 5,000 katika kampuni." Rekruta akaniambia kwa simu, "Hii ndio sehemu tamu. Wewe hautakuwa mfanyakazi tu, utakuwa mwenye kampuni."

Mwenye kampuni! Mimi, ambaye niliacha chuo mwaka wa pili na bado shangazi zangu wananiuliza kila Desemba ninarudi lini. Nilipiga hesabu ya haraka kichwani: hata hisa moja ikiwa shilingi mia, hiyo si nusu milioni? Nikampigia mathe.

Mathe anajua hisa. Mwaka 2008 Safaricom walipouza hisa kwa umma kwa shilingi 5 kila moja, yeye alikuwa kwa foleni. Akaniuliza swali moja tu: "Ukitaka kuziuza kesho, unamuuzia nani?"

Nikanyamaza. Za Safaricom unaziuza Soko la Hisa la Nairobi siku yoyote ya kazi, bei iko wazi kila mtu anaiona. Za hii statapu? Sikuwa najua. Na ofa nyingine nilikuwa nayo mkononi, kazi ya ajensi ya matangazo, 95,000, haina hisa, haina stori. Kuchagua statapu kulimaanisha kuacha 25,000 kila mwezi. Rent yangu ni karibu hiyo.

Basi nilikaa chini nikamwandikia rekruta. Nilijaribu kuandika kama mtu anayeitaka kazi, maana kweli naitaka, lakini bila kuzunguka:

"Habari ya asubuhi. Asante sana kwa ofa, nimeifurahia. Kabla nisaini, naomba unisaidie kuelewa sehemu ya hisa. Moja, kampuni ina hisa ngapi kwa jumla, ukihesabu pia opsheni zote na zile zilizotengewa wafanyakazi wajao? Mbili, mimi nitazinunua kwa bei gani, na mwekezaji wa mwisho alilipa bei gani? Tatu, zinakuwa zangu baada ya muda gani? Nne, nikiondoka nina siku ngapi za kuzinunua? Na mwisho, kuna mgao wowote wa faida, au ni opsheni pekee? Nashukuru."

Hapo kwa "nitazinunua" ndipo wengi wetu tunapotea. Opsheni si hisa. Ni haki ya kununua hisa baadaye kwa bei iliyowekwa leo. Kama bei yako ni bob 40 na siku moja hisa inafika bob 100, faida yako ni 60. Ikibaki 40 au ishuke, hauna kitu. Kwa hivyo mtu akikwambia "tumekupa hisa 5,000," hajakupa. Amekuruhusu kununua.

Rekruta alijibu baada ya saa moja: "Hayo mambo ya ndani tunaelezana ukishaingia. Watu wengi huwa hawaulizi." Nilishtuka kidogo. Nikafikiria labda nimeharibu. Lakini pia nikakumbuka rekruta huyu ni wa nje, ameajiriwa kutafuta watu, na analipwa mtu akisaini. Inawezekana hakuwa ananificha, hakuwa anajua. Nikamjibu kwa upole: "Naelewa kabisa. Unaweza kuniunganisha na mtu wa fedha kwa dakika kumi na tano? Bila hizo namba siwezi kulinganisha na ofa nyingine." Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo iliyofungua mlango. Kesho yake nilikuwa kwa simu ya video na jamaa wa fedha, mtulivu sana, na alijibu kila kitu.

Hisa zote kwa jumla: milioni 10. Kwa hivyo 5,000 zangu ni asilimia 0.05. Sio tano. Sio nusu. Gawanya kampuni vipande elfu mbili, mimi nina kipande kimoja. Hii ndio sababu namba ya hisa peke yake haina maana. Mwingine anaweza kupewa 500 kwa kampuni yenye hisa laki moja, na akawa na mara kumi ya zangu.

Bei yangu ya kununua: senti 30 za dola. Ni dola kwa sababu kampuni mama imesajiliwa Delaware, Marekani, kama statapu nyingi za hapa zinazotafuta wawekezaji wa nje. Ofisi iko Nairobi, wafanyakazi ni sisi, lakini hisa ni za Delaware. Mwekezaji wa mwisho alilipa senti 80. Tofauti ni senti 50, mara 5,000, ni dola 2,500. Nikahesabu dola kwa shilingi 130: ni 325,000.

Sounds poa, siyo? Sasa subiri.

Hizo hisa zinakomaa kwa miaka minne. Mwaka wa kwanza haupati hata moja. Ukimaliza miezi kumi na mbili unapata robo kwa mpigo, halafu zinaingia kidogo kidogo kila mwezi. Msee wangu mmoja alifanya kazi kwa statapu miezi kumi na moja, wakapunguza watu, na opsheni zake zote zikapotea. Hakuibiwa. Ilikuwa imeandikwa hivyo.

Kwa hivyo ile 325,000 ni ya miezi 48. Na kwa miezi hiyo 48, mshahara ninaoacha kwa ajensi ni 25,000 kila mwezi, yaani milioni 1.2. Nikarudia hesabu mara mbili. Ili opsheni zirudishe hiyo pesa, hisa lazima ipande kutoka senti 80 hadi dola 2 na senti 15. Na hiyo ni kabla ya kodi, na kabla ya wawekezaji wapya kuingia na kufanya kipande changu kiwe kidogo zaidi.

Swali la nne lilikuwa la kuondoka. Jibu: siku 90. Tuseme nafanya miezi 14 halafu napata kazi nyingine. Hapo zimekomaa karibu 1,458. Kuzinunua kwa senti 30 ni dola 437, kama 57,000 shilingi. Nina miezi mitatu ya kutoa hiyo pesa yangu mfukoni kununua kitu ambacho siwezi kumuuzia mtu, nikingoja siku ambayo huenda isifike. Nikikosa, zinarudi kwa kampuni. Swali la mathe likanirudia vile vile lilivyokuwa.

Halafu nikauliza kitu ambacho sikuwa nimeandika kwa ujumbe: "Kampuni ikiuzwa, nani analipwa kwanza?" Jamaa wa fedha akacheka kidogo, akasema ni swali zuri. Hisa za wawekezaji si kama zetu. Wao wana haki ya kurudishiwa pesa yao kabla sisi wa hisa za kawaida kuguswa. Ndio maana pia bei yao ni senti 80 na yetu 30. Wameweka dola milioni 2 kwa jumla, na wana hisa milioni 3. Sasa tuseme kampuni inauzwa kwa dola milioni 3. Kwa gazeti hiyo ni habari kubwa, waanzilishi wanapigwa picha. Lakini wawekezaji wanachukua milioni 2 yao kwanza. Inabaki milioni 1 kugawanywa kwa hisa milioni 7 zingine. Hiyo ni kama senti 14 kwa hisa, na mimi ninatakiwa kulipa 30. Kampuni imeuzwa kwa mamilioni ya dola na opsheni zangu ni karatasi.

Mgao wa faida? Hakuna. Na kuwa na opsheni hakukupi. Mgao wa faida ni pesa unayolipwa mwaka ambao kampuni imepata faida, na lazima uandikwe kwa mkataba ni asilimia ngapi, ya faida gani, inalipwa lini. Rekruta alipokuwa anasema "utafaidika nasi," nilidhani anamaanisha hiyo. Hakuwa anamaanisha.

Kitu kimoja cha mwisho alichonionyesha, na sikuwa nimekiona kwa barua: iliandikwa kwamba kampuni "itapendekeza kwa bodi" nipewe opsheni. Yaani hadi bodi ikae na kupitisha, sina kitu, na bei ya senti 30 inaweza kuwa nyingine siku hiyo. Nikauliza bodi inakaa lini. Mwezi ujao. Nikaomba hiyo iandikwe kwa imeli. Akaandika.

Sasa, sijasema opsheni ni utapeli. Huyo jamaa alinijibu kila kitu na hakuna hata kimoja kilichokuwa kimefichwa kimakusudi. Kuna watu wamenunua nyumba na hizi karatasi. Lakini ukishajua namba, unaacha kuzihesabu kama mshahara. Mimi niliziweka sifuri kwa bajeti yangu, halafu nikajiuliza kama bado naitaka kazi.

Naitaka. Wananiachia nifanye video ndefu, kitu ajensi hawawezi. Kwa hivyo nilimrudia rekruta, nikamwambia kwa heshima kwamba hisa nimezielewa, ni nzuri kuwa nazo, lakini hazilipi rent, na kwa hivyo naomba mshahara ufike 90,000. Pia nikaomba zile siku 90 ziwe mwaka mmoja. Ya siku walikataa, wakasema mpango ni mmoja kwa kila mtu. Ya mshahara walirudi na 85,000.

Ina maana bado naacha 10,000 kila mwezi. Lakini sasa najua ninaiacha kwa sababu ya kazi yenyewe, sio kwa sababu ya asilimia 0.05. Nilisaini Ijumaa.

Mathe nilimpigia tena. Nikamwambia mimi sasa nina kipande kimoja kati ya elfu mbili, kama bodi ikikubali, kama nikimaliza mwaka, kama nikipata pesa ya kununua. Akasema, "Sawa. Na hiyo 85,000 inaingia tarehe ngapi?"