Neno la ufunguzi mbele ya wauza duka na mafundi wa mabango

Mwezi uliopita niliombwa nitoe neno la ufunguzi kwenye mafunzo ya siku moja hapa mtaani kwetu Kinondoni. Wawezeshaji wawili vijana walikuja kuwafundisha wauza duka na wachoraji jinsi ya kuiandikia akili mnemba maelezo ili itengeneze picha. Maelezo hayo wenyewe wanayaita prompti. Mimi si mtaalamu wa kompyuta. Nauza kanga, nina watoto watatu, na matangazo ya duka langu nayatengeneza mwenyewe kwenye simu usiku wakishalala. Nadhani ndiyo sababu nikaitwa mimi badala ya diwani.

Wazazi wenzangu, kilichonisumbua wiki nzima ni nani watakaa kwenye viti vile. Muuza duka akijua kujitengenezea tangazo, kuna mchoraji aliyepoteza mteja. Fundi wa mabango wa mtaa wetu namfahamu vizuri, ada za watoto wake zinatoka kwenye brashi. Nisimame mbele yake nimwambie teknolojia ni fursa kwa wote? Ningekuwa namdhihaki.

Basi baada ya kusema itifaki imezingatiwa, nikalisema hilo kwanza. "Kaka zangu wachoraji, kuna kazi mtazipoteza. Vitangazo vidogo vya stetasi ya WhatsApp, tuliokuwa tukiwalipa vijana watutengenezee, tutajifanyia wenyewe. Sitawaficha. Lakini naomba mwone jinsi mashine hii inavyoshindwa, maana pale inaposhindwa ndipo macho yenu yanapohitajika." Ukumbi ukanyamaza. Fundi wangu alikunja mikono kifuani, akanitazama tu.

Nikawaonyesha ukutani picha tatu. Ya kwanza ilitokana na maneno mawili, "kanga nzuri". Mashine ilileta ndege mwenye madoadoa, kanga yule wa porini. Watu walicheka, lakini haikuwa imekosea, neno ni hilohilo. Ya pili niliandika "kitambaa cha kanga cha Kiafrika". Ikaleta nguo nzito yenye maua kila mahali, haina pindo wala mahali pa jina. Yeyote aliyewahi kununua doti moja angejua kwamba ile si kanga.

Mwezeshaji alinisaidia kueleza sababu. Mashine imejifunza kwa kuonyeshwa picha nyingi sana zilizoambatana na maneno, na mengi ya maneno hayo ni ya Kiingereza. Kitu ambacho picha zake ni chache, au kimeelezwa vibaya, inakikisia kwa kuchukua kinachokaribiana nacho. Kwa hiyo kulirudia jina hakusaidii, hata ukiongeza "nzuri sana" au "ya kuvutia". Inabidi ueleze macho yanaona nini, kana kwamba unamweleza mtu kwa simu ambaye hajawahi kufika pwani.

Picha ya tatu niliiandikia hivi: "Kitambaa chepesi cha pamba, cha mstatili, kimetandazwa juu ya meza ya mbao, kinaonekana chote kutoka juu. Pindo pana la bluu limezunguka pande zote nne. Katikati ni njano, pana umbo moja kubwa jeupe la tone lililopinda mkia, na maumbo kama hayo madogo kwenye pembe nne. Upande wa chini, juu kidogo ya pindo, pana kiboksi kirefu chembamba, kitupu, bila maandishi. Mwanga wa asubuhi unatoka kushoto. Picha iwe ya wima, sehemu ya juu ibaki wazi."

Mama mmoja akaniuliza, "Mwenzangu, kwa nini husemi korosho wakati ua hilo ni la korosho?" Kwa sababu ukisema korosho, unaweza kuletewa korosho za kukaanga zimemwagwa kwenye kitambaa. Sehemu ile ya juu nimeiacha wazi ili nipate pa kuandika bei. Na mwanga nimeutaja kwa sababu usipoutaja, mashine inajichagulia, mara nyingi ule wa kung'aa kama studio, na duka la Kinondoni linafanana na la kwenye sinema.

Kiboksi kitupu ndicho nilichokaa nacho zaidi. Jina ndilo linalouza kanga. Wateja wangu hulisoma kabla ya kutazama rangi. Mashine haiandiki kama sisi tunavyoandika, inachora maumbo yanayofanana na herufi. Baadhi ya zile mpya zinaandika vizuri, lakini sentensi ya Kiswahili bado inaweza kutoka na herufi zilizorukwa au zilizobuniwa. Ukitazama haraka huoni kosa. Soma herufi moja moja, kisha hesabu vidole kama kuna mtu kwenye picha. Mimi naacha kiboksi kitupu, halafu maandishi nayaweka mwenyewe kwa programu ya kuhariri picha kwenye simu.

Kuna onyo nililolitoa kwa wauza duka wenzangu, na sikulipamba. Kanga ile ya njano haipo dukani kwangu, na haipo popote. Nikiiweka kwenye stetasi, mteja atapanda daladala kutoka Mbagala aje kuifuata, nimwambie nini? Kwa hiyo bidhaa yenyewe naipiga picha halisi, karibu na mlango palipo na mwanga. Picha ya kutengenezwa naitumia kwa mambo ya pembeni tu: salamu za Idi, tangazo la kufunga mapema, mandhari ya nyuma. Na picha ya mtoto wangu siiingizi mle hata kwa kadi ya kuzaliwa, maana inakwenda kwenye kompyuta za watu nisiowajua.

Hapo fundi wangu akanyoosha mkono. "Shemeji, hiyo picha nikitaka kuiweka kwenye bango la mita tatu, inafika?"

Mwezeshaji akajibu kwamba haifiki. Picha nyingi za mashine hizi hutoka na nukta 1024 hivi kwa kila upande. Ukiichapa kwa ubora wa kitabu, haifiki hata sentimeta 9. Ukiivuta hadi mita tatu, kila nukta inakuwa karibu milimeta 3. Ukiwa ng'ambo ya barabara hushtuki, lakini mteja akisimama mlangoni anaona kingo zimefifia na sura imekuwa ukungu. Kuna programu za kuikuza, ila nazo hukisia kilichokosekana.

Fundi akasema kwa bango yeye angeichora viboksi, kumi kwa kumi, kisha avihamishe kimoja kimoja ubaoni kwa chaki, kama alivyofundishwa na mwalimu wake. Herufi angeziandika kwa mkono, na rangi ya mafuta ingekaa juani kuliko karatasi. Kisha akanirekebisha mbele ya watu wote: tone langu limepinda upande mmoja tu kwenye pembe zote nne, wakati kanga hugeuza maua ya pembeni yatazamane. Sikuwa nimeliandika hilo. Mwezeshaji akaongeza sentensi moja, "maumbo ya pembe yanatazamana kama kwenye kioo". Mashine ikageuza mawili kati ya manne, na mara ya pili matatu.

Mwenye duka la vipodozi aliyekaa nyuma yake akamgusa bega, akamuuliza bango la mbao la mita mbili ni kiasi gani. Akamjibu kwamba inategemea idadi ya rangi, na kwamba mchoro aje nao mwenyewe kwenye simu, ila kazi ya herufi hapunguzi bei.