Nyota, Reli na Foleni ya Maziwa

Mwaka 2015 nilipanda Rungwe nikiwa na simu janja mbili begini na aplikesheni niliyoitengeneza kwa miezi mitano. Chama cha ushirika cha wafugaji kilikuwa kimetuomba jambo moja: mfugaji ajue maziwa aliyopeleka kituoni yameandikwa lita ngapi, na mwisho wa mwezi ajue jumla yake kabla ya kulipwa. Hadi wakati huo kila kitu kiliishia kwenye daftari la karani, na mfugaji alirudi nyumbani na hesabu ya kichwani tu. Aplikesheni yangu ilionyesha grafu ya lita za wiki na picha ya kila ng'ombe. Ofisini Dar es Salaam ilifanya kazi bila kukwama hata mara moja.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikaa kwenye benchi la kituo. Wafugaji walifika na madumu, karani akapima maziwa kwa laktomita, akayamimina kwenye kipimo, akaandika. Kila aliyemaliza nilimwamkia na kumwomba anionyeshe simu yake. Mama mmoja wa makamo alifungua pindo la khanga, akatoa kitochi kilichofungwa kwa mpira.

"Shikamoo, mama. Hiyo inaingia intaneti?"

"Marahaba, mwanangu. Hii ina tochi na redio, na ikichajiwa inakaa siku nne. Umeme wenyewe tunaufuata dukani."

Nilimwuliza pesa anatumaje. Alibonyeza nyota, mia moja hamsini, nyota, sifuri sifuri, reli, bila kutazama vitufe.

"Hiyo naijua hata gizani," akasema.

Foleni ilipokwisha, simu janja nilizoziona zilikuwa tatu: za vijana wawili waliotumwa na wazazi wao, na ya karani. Jioni ile niliiweka aplikesheni kando. Nilidhani limebaki swali dogo tu, yaani USSD au SMS. Swali hilo lilinichukua karibu miaka miwili kulielewa.

Nilianza na USSD kwa sababu ya yule mama. M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008 ilipita njia hiyo, na watu walishazoea kupiga nyota na reli na kuchagua namba kwenye menyu. Haihitaji intaneti, na inafanya kazi kwenye simu yoyote iliyo na laini na mtandao. Kuipata ndiko kugumu. Namba fupi ziko chini ya TCRA, na baada ya hapo lazima upatane na kila mtandao, na muamue nani atalipia: mpigaji au mwenye huduma. Tuliamua chama kilipe, maana mfugaji asiye na salio ndiye hasa anayetaka kujua atalipwa lini.

Utengenezaji wake ni mwepesi. Mtu akipiga, mtandao unapeleka ombi kwenye seva yako, nawe unajibu kwa maandishi. Kwa huduma tuliyounganishwa nayo, jibu lilianza na CON kama mazungumzo yanaendelea, au END kama yamefika mwisho:

```
CON Karibu. Chagua:
1. Maziwa ya leo
2. Jumla ya mwezi
3. Siku ya malipo
```

Ukurasa mzima hauzidi herufi 182, pamoja na namba na nafasi. Kwa hiyo kila neno linapimwa. Menyu yangu ya kwanza ilikuwa na ngazi tano, na mfugaji alitakiwa kuandika jina la kijiji. Kuandika neno "Kyimo" kwenye kitochi ni kubonyeza vitufe mara nyingi, na wakati huo saa inakwenda. Mazungumzo ya USSD hayahifadhiwi popote njiani. Yako hewani kwa muda mfupi ambao mtandao umeupanga, na muda ukiisha, au simu ya mtu ikiingia katikati, yote yanapotea na mpigaji anaanza upya. Nilifuta kijiji, nikafuta ngazi mbili, nikabakiza tarakimu tupu.

Hata hivyo malalamiko yaliendelea. "Inaandika kosa," wafugaji waliniambia, na mimi nikipiga kutoka ofisini inajibu vizuri. Nilipofungua kumbukumbu za seva niliona mazungumzo mengi yakifia mahali pamoja: mtu amechagua 2, jumla ya mwezi, kisha kimya. Ilikuwa hivyo asubuhi tu, vituo vyote vinapopokea maziwa. Kila mtu alipochagua 2, seva ilikusanya rekodi zake zote za mwezi na kuzijumlisha papo hapo. Mpigaji akiwa mmoja ilichukua nusu sekunde. Wakiwa wengi kwa pamoja, jibu lilichelewa, na mtandao ukakata kabla halijafika. Nilibadili utaratibu: kila maziwa yanapoandikwa, jumla inaongezwa saa ileile na kuwekwa tayari, ili mpigaji apewe namba iliyokwisha kukokotolewa. Ukiona USSD yako ni nzima ofisini na mgonjwa kijijini, tazama kwanza ni hatua gani watu wanakatikia, na saa ngapi.

Baada ya hapo menyu ilifanya kazi, lakini wapigaji wakapungua. Nilirudi Rungwe kuuliza kwa nini. Yule mama wa kitochi alinijibu taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto wake.

"Mwanangu, mimi sitaki kuuliza kila siku. Nataka niambiwe. Halafu tukibishana na karani, nionyeshe nini? Menyu ikifungika imekwenda."

Maneno yale yaliigeuza kazi yangu. Nilikuwa nikichagua kwa kutazama simu aliyonayo mtu, na hilo ni la lazima, ila halitoshi. USSD ni nzuri pale mtu anapouliza. Haifai pale huduma inapotakiwa kutoa taarifa yenyewe, wala pale mtu anapohitaji kitu cha kubaki nacho. Risiti ni SMS. Ujumbe unatumwa simu ikiwa imezimwa, unasubiri kwenye mtandao, na unaingia chaji ikirudi. Ukishaingia, unakaa humo hadi mwenyewe aufute.

Tukaanza kutuma SMS kila asubuhi:

```
Mwanachama 417: leo asubuhi lita 7.5.
Jumla ya mwezi lita 142.
```

SMS nayo ilinifundisha kwa gharama. Mwenzangu mmoja aliongeza sentensi ya kumshukuru mfugaji kwa kutunza ng'ombe wake, akaiandika kwenye programu ya kuchapia barua kisha akainakili. Salio letu la SMS, tulilolinunua litoshe mwezi mzima, likaisha siku ya kumi. Kosa lilikuwa kwenye neno "ng'ombe". Programu ile hubadili kiapostrofi kilichonyooka kuwa kile kilichopinda. Kilichonyooka kimo kwenye alfabeti ya kawaida ya SMS, inayobeba herufi 160. Kilichopinda hakimo, na herufi moja tu isiyokuwamo inaulazimisha ujumbe wote uende kwa alfabeti nyingine, yenye nafasi ya herufi 70. Ujumbe ukirefuka zaidi ya hapo unakatwa vipande vya 67. Wetu ulikuwa na herufi 140, kwa hiyo ulikatwa vipande vitatu, na kila kipande kililipiwa kama SMS nzima. Kwa anayeandika Kiswahili, chenye ng'ombe, ng'ambo na kung'oa, jambo hili si la pembeni. Tangu siku ile kila ujumbe unapita kwanza kwenye kipimo kinachokataa herufi yoyote isiyo ya alfabeti ya kawaida.

Lingine nililigundua kwa kushika simu za wazee. Mzee mmoja alisema hajapata ujumbe wiki nzima, ilhali sisi tulikuwa tumetuma. Kwenye kioo cha simu yake kulikuwa na alama ya bahasha ikiwakawaka. Nafasi ya kuhifadhi ujumbe ilikuwa imejaa matangazo ya bahati nasibu na vifurushi, na jumbe zetu zilikuwa zikisubiri nje. Tukafuta pamoja naye, na palepale jumbe zikaanza kuingia moja baada ya nyingine. Tukawafundisha makarani kuitambua bahasha ile.

Tulijaribu pia mfugaji aulize kwa SMS, kwa kuandika neno MAZIWA na namba yake. Zilikuja MAZWA, zikaja MAZIWA417 bila nafasi, zikaja barua kamili zenye salamu na habari za nyumbani. Watu walikuwa wakituandikia kama wanavyomwandikia mtu, nao hawakukosea. Kuuliza tukakurudisha kwenye USSD.

Kisha likaja jambo ambalo hakuna kipimo cha herufi kingelionyesha. Mama mwingine alinivuta pembeni. Maziwa ya jioni yalikuwa yake, fedha zake za daftari na sare za watoto, lakini namba iliyoandikwa chamani ilikuwa ya mume wake. Wakati huo ujumbe wetu ulikuwa ukitaja na shilingi. "Sasa anazijua kabla yangu," akasema, wala hakuongeza neno. Niliona aibu. Ile sifa ya SMS ya kubaki simuni, niliyoisifu kwa ajili ya risiti, ndiyo iliyomwumiza yeye. Tukaondoa fedha kwenye SMS, zikabaki lita tu. Fedha tukaziweka kwenye menyu, nyuma ya namba ya uanachama na PIN, maana menyu ikifungika jibu haliachi maandishi, ingawa baadhi ya simu hubakiza namba iliyopigwa. Na kila mwanachama, mwanamke kwa mwanamume, akaulizwa yeye mwenyewe anataka taarifa ziende namba gani.

Aplikesheni haikupotea. Niliitoa kwa mfugaji nikampa karani, ambaye alikuwa na simu janja, rekodi kadhaa za kuandika kila asubuhi, na kituo ambacho intaneti huja na kuondoka. Inaandika bila mtandao, kisha inapeleka mtandao ukipatikana. Kila rekodi hupewa namba yake pekee ndani ya simu kabla ya kutumwa, ili ikitumwa mara mbili seva iihesabu mara moja. Grafu na picha za ng'ombe nilizifuta.

Nimefanya kazi nyingine nyingi tangu wakati ule, za pembejeo na za kliniki, na huwa naanza kwa maswali yaleyale. Nani anaanza mazungumzo, mtu au huduma? Baada ya mazungumzo, nini kibaki mkononi mwake, na nani mwingine atakiona? Nani anaandika mengi kila siku? Anayeuliza apewe USSD. Anayepaswa kuarifiwa na kubaki na ushahidi apewe SMS. Anayeandika mengi, kama ana simu ya kuyabeba, apewe aplikesheni. Huduma moja inaweza kuhitaji zote tatu, kila moja kwa mtu wake.

Kwa wewe unayeanza kazi hii, ombi langu ni moja. Kabla hujachagua, nenda ukae penye foleni ya watu wako, uwaamkie, na uwaombe wakuonyeshe simu zao. Kisha muulize kila mmoja kama simu hiyo ni yake peke yake.