Bila Austria, Bila Ujerumani

Binamu yangu, Mtanzania aliyeko Munich, anaomba uraia wa Ujerumani. Juzi kanipigia: “Dada, hata kesi isiyohukumiwa niiandike?” Nikamwambia asome kisa cha Janko Rottmann.

Rottmann, mzaliwa wa Austria, aliomba uraia huo mwaka 1998. Hakusema kwamba kwao anatafutwa kwa tuhuma za utapeli. Alipoupata, mwaka 1999, sheria ya Austria ikamvua ule wa kuzaliwa. Mwaka 2000 jimbo la Bavaria likaufuta ule mpya, kana kwamba hakuwahi kuwa nao. Akakata rufaa, na ufutaji ukasubiri.

Mwaka 2010 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema uraia wa hila unaweza kufutwa, hata mwenyewe akibaki bila nchi. Lakini kwanza majaji wapime: kosa lina uzito gani, miaka mingapi imepita, familia itaumia vipi, na je, uraia wa zamani unarudishika? Pengine apewe muda wa kuuomba.

Tanzania nayo humvua uraia mtu mzima anayejichukulia wa nchi nyingine. Kwa hiyo binamu akificha, atakachobaki nacho ni haki ya kupimiwa hivyo. Kupimiwa si kusamehewa.