Simu 150 Kwa Siku? Manze, Hesabu Inakataa

Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imekataa kabisa. Kwa hivyo sivii yangu haina digrii ya kujificha nyuma yake. Ina miezi 14 ya kol senta, na hiyo miezi lazima iongee yenyewe. Nimesoma sivii za wasee wengi waliofanya kazi kama yangu, na karibu zote zina mstari huu: "Nilipokea simu 150 kila siku." Inasound poa. Shida ni kwamba anayekuajiri mara nyingi alianza kwa hedseti kama wewe, na atapiga hesabu.

Hebu tupige. Shifti yetu ilikuwa saa tisa. Toa lunch saa moja, toa breki mbili za dakika 15, unabaki na dakika 450. Simu yangu moja ilichukua wastani wa dakika tano: nne za kuongea na moja ya kuandika noti mteja akishakata. Simu 150 mara dakika tano ni dakika 750, yaani saa 12 na nusu. Hizo saa ulizitoa wapi? Hata simu 90, ambazo zinajaza zile dakika 450 zote, hazitokei, kwa sababu kuna nyakati laini imetulia. Ukiwa bize asilimia 80 ya muda, unafika 72. Mimi niliandika hivi: "Simu 72 kwa siku, wastani wa dakika 5 kwa simu." Namba mbili zikikaa pamoja, moja inashikilia nyingine. Na kuna kazi ambapo 150 ni kweli, kama simu fupi za kuangalia salio. Basi andika na dakika zake, ieleweke.

Alama za ubora ndizo watu huzipamba zaidi. Msee anapata 98 mwezi mmoja, anaandika 98. Lakini kwetu wakaguzi walisikiliza simu tano tu kwa mwezi, kati ya zaidi ya 1,500. Simu tano nzuri zinaweza kuwa bahati. Kinachobeba uzito ni wastani wa muda mrefu ukiwa kando ya lengo: "Ubora asilimia 91, wastani wa miezi 14, lengo 85." Bila lengo, 91 haisemi kitu, maana kuna sakafu ambapo lengo ni 95 na wewe uko chini. Kama hukuwahi kupata sifuri kwa kosa kubwa, mfano kutoa habari za akaunti kabla ya kuthibitisha mwenye simu ni nani, andika hiyo pia. Kwa kazi inayogusa pesa za watu, hilo linaweza kusomwa kabla ya wastani wako.

Lugha, usiandike "naongea vizuri" ukaishia hapo. Sema ulizifanyia nini. Yangu inasema: Kiswahili na Kiingereza kwa simu, Kiingereza pekee kwa barua pepe, Kikamba kwa wateja wazee waliohamishiwa kwangu. Mtu anaweza kupiga stori na shosho kwa Kikamba na ashindwe kumweleza kwa nini pesa yake imerudishwa. Hizo ni lugha mbili tofauti, na kwa intavyuu utajaribiwa hiyo ya pili.

Halafu kufika kazini. "Mchapakazi, mwaminifu" kila mtu anaandika. Mimi niliweka: "Shifti 308 zilizopangwa, nilifanya 303, zamu za usiku, saa tatu hadi saa kumi na mbili asubuhi, zikiwemo." Kati ya zile tano, nne zilikuwa na karatasi ya daktari, na niliulizwa. Kumbuka pia kuchelewa hakuhesabiwi getini. Kunahesabiwa ukiingia kwa sistimu, na kompyuta yetu ilichukua dakika kumi kuamka. Aliyefika saa tatu kamili alikuwa ameshachelewa.

Sasa, namba hizi unazipata wapi ukishatoka? Hupati. Siku unaondoka, paswadi inazimwa jioni hiyo hiyo. Kila mwisho wa mwezi, kiongozi wa timu akikuonyesha matokeo yako, andika kwa daftari yako namba nne: simu, dakika, ubora, shifti. Namba zako tu. Usipige picha skrini, maana hapo kuna majina na simu za wateja, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 haitajali kwamba ulikuwa unatafuta kazi. Kama mkataba wako unakataza kutaja kampuni mliyoihudumia, andika tu "mteja wa huduma za pesa".

Kama bado uko kwa hiyo sakafu, anza na mwezi huu.