Daftari la Maombi ya Kazi

Mtu anayetafuta kazi hupotewa na hesabu ya siku upesi sana. Nasema hivyo kwa kuwa mwaka 2018 kampuni niliyoitumikia miaka kumi na moja kama mtunza ghala ilifunga tawi lake la Morogoro, nami nikabaki na kiinua mgongo cha kutosha kula na kulipa ada za watoto watatu kwa miezi saba hivi. Kwa kuwa kazi yangu ilikuwa leja, nilinunua daftari la kaunta, nikachora safu sita: kazi yenyewe na tarehe ya mwisho ya kupokea maombi, siku niliyopeleka, hatua iliyofikiwa, mtu wa kuwasiliana naye, siku ya kufuatilia, na matokeo.

Safu ya siku ya kufuatilia ndiyo iliyokuwa na kazi kubwa kuliko zote. Wengi huihesabu tangu siku waliyopeleka barua. Lakini ofisi haifungui bahasha mpaka tarehe ya mwisho ipite. Ukiuliza kabla ya hapo, hakuna mwenye jibu la kukupa. Mimi nilihesabu siku kumi za kazi baada ya tarehe ya mwisho.

Chukua mstari wa tisa, ndugu msomaji. Kampuni moja ya mizigo ya Dar es Salaam ilitaka mtunza ghala, na mwisho wa kupokea maombi ulikuwa Jumatatu, tarehe 18 Juni. Barua niliipeleka tarehe 7. Kama ningehesabu wiki moja tangu hapo, ningepiga simu tarehe 14, bahasha zikiwa bado mapokezi. Kwa hesabu yangu siku iliangukia Jumatatu, tarehe 2 Julai. Aliyepokea simu alikuwa katibu muhtasi. Nilimwuliza jina lake, nikaliandika kwenye safu ya nne.

"Mzee, orodha bado iko kwa meneja wa ghala," akasema. "Piga Jumatano ya wiki ijayo."

Hapo ndipo tarehe mpya huandikwa, simu ikiwa bado mkononi: 11 Julai. Ile ya zamani sikuifuta, niliikata kwa mstari mmoja ili isomeke. Tarehe 11 nilimwita kwa jina, naye akaniambia kuwa nimeitwa kwenye usaili Alhamisi, tarehe 19, saa tatu asubuhi, na kwamba barua ilikwisha kutumwa posta. Barua hiyo niliikuta kwenye sanduku langu tarehe 23, siku nne baada ya usaili ambao nilikuwa nimekwisha kuufanya.

Kwa nafasi za serikali utaratibu ni mwingine. Majina ya wanaoitwa kwenye usaili hutolewa katika tovuti ya Sekretarieti ya Ajira, kwa hiyo safu ya mtu wa kuwasiliana niliiacha wazi, na katika siku ya kufuatilia nikaandika kila Ijumaa: fungua tovuti, soma orodha.

Safu ya matokeo nayo ina jambo lake. Matangazo mengi husema watakaojibiwa ni waliochaguliwa tu, hivyo kimya chenyewe ni jibu, ila hakina tarehe. Nilikiwekea tarehe mwenyewe: nikikumbusha mara mbili na wiki sita zikapita tangu tarehe ya mwisho, niliandika "kimya" na kuufunga mstari. Mke wangu aliona ni kujikatisha tamaa. Kwangu ilikuwa nafuu, maana mistari iliyobaki wazi ilikuwa michache, na kila mmoja ulikuwa na siku yake.

Penye "hapana" niliuliza sababu, nikaiandika. Mstari wa tisa ulifungwa tarehe 6 Agosti: amechukuliwa aliyezoea kutunza hesabu za ghala kwenye kompyuta. Mstari wa kumi na nne ulifungwa kwa maneno karibu hayo hayo. Sababu mbili zinazofanana, zote baada ya usaili, zilinionyesha kuwa barua yangu ilikuwa inafungua mlango, na kilichokosekana kilikuwa ndani. Nilitoa fedha ya mwezi mmoja wa akiba, nikaingia darasa la kompyuta.

Hadi mwisho wa Oktoba mistari ilikuwa 23, na minne ilifika usaili. Yote minne ilikuwa na jina la mtu kwenye safu ya nne. Sithubutu kusema jina ndilo lililonifikisha. Pengine ofisi inayotaka mtu kweli ndiyo hiyo inayokubali kutaja jina kwenye simu.

Mstari wa 21 ulifungwa kwa neno "nimepata", nikaanza kazi Jumatatu, tarehe 5 Novemba. Mistari ya 22 na 23 ilikuwa bado wazi. Nilizipigia ofisi zote mbili siku zake zilipofika, nikaomba jina langu liondolewe, nikaandika "nimejitoa" pamoja na tarehe.