Picha ya Boksi Nusura Imponze Dada wa Tunguu

Dada mmoja wa Tunguu, mjamzito, alipelekewa kapsuli za haidroksiyurea za mama yake mwenye saratani ya damu. Zilikuja kwenye bahasha tupu, na picha ya boksi kwa Watsapu. Mama kumeza hawezi, basi akafungua moja aitie kwenye uji. Unga ukamwagika mezani!

Picha ilikuwa ya mbele tu: jina na miligramu 500. Maelekezo yalibaki mjini, kwa kaka: usifungue kapsuli, vaa glovu, nawa mikono, mjamzito asiguse unga, utamdhuru mtoto tumboni.

Mumewe alivaa glovu, akaupangusa kwa karatasi mbichi, akaifunga mfukoni. Uji ukamwagwa. Suala la kumeza akaulizwa mfamasia.

Mnaotuma dawa, tumeni na boksi lake, jamani.