Vitu vinne, binti wawili: tulivyochagua nyumbani kwetu



Mwezi huu binti yangu mkubwa, mwenye miaka 17, anaingia shule ya bweni. Mdogo wake wa miaka 13 anabaki nami hapa Bukavu. Mdogo wangu anayeishi Ubelgiji alitutumia tamponi na vikombe viwili vya hedhi, na sokoni kwetu tunapata koteksi na vikwembe vya kushona vitambaa. Basi tulikuwa na vitu vinne mezani, na ilibidi tuchague kipi kiingie katika sanduku la nani. Nawaandikia jinsi tulivyofikiri, kwa sababu swali hili liko katika nyumba nyingi.

Tulianza na hatari iliyo kubwa, hata kama ni ya nadra: mshtuko wa sumu. Unaletwa na kijidudu kiitwacho stafilokoki, ambacho watu wengi wanakibeba puani au kwenye ngozi bila kuumwa. Aina fulani za kijidudu hicho zinatoa sumu. Tamponi ikikaa ndani muda mrefu, damu iliyosimama pamoja na hewa iliyoingia nayo vinampa kijidudu nafasi ya kuzaa na kutoa sumu hiyo, nayo inaingia katika damu ya mwili. Mwaka 1980 huko Amerika wanawake wengi waliugua, na wengine wakafa. Wengi wao walikuwa wametumia tamponi zenye uwezo mkubwa sana wa kunyonya. Wasichana wako katika hatari zaidi kuliko sisi mama zao, maana mwili wa mtu mzima mara nyingi umekwisha kujitengenezea kinga dhidi ya sumu ile, na wa msichana bado.

Kwa hiyo kanuni ya tamponi ni hii: chagua ile inayonyonya kidogo kadiri inavyokutosha, ibadilishe kila baada ya saa 4 hadi 8, na isipite saa 8 hata siku moja. Sasa tukahesabu usiku wa bweni. Wasichana wanalala saa mbili na nusu usiku na kuamshwa saa kumi na moja alfajiri. Hizo ni saa 8 na nusu, na bado hajapanga foleni ya choo. Tamponi zikatoka katika sanduku.

Kikombe kinafanya kazi tofauti: hakinyonyi, kinakusanya. Kinaweza kukaa hadi saa 12, kwa hiyo usiku mzima unapita. Mshtuko wa sumu umeonekana hata kwa watumiaji wa kikombe, lakini mara chache sana: mapitio makubwa ya utafiti yaliyotolewa mwaka 2019 yalikuta visa 5 tu vilivyoripotiwa. Mimi mwenyewe ninakitumia mwaka wa pili sasa. Nanawa mikono kwa sabuni, nakikunja, nakiingiza, nakiacha kifunguke. Wakati wa kukitoa sivuti mkia wake, nabana kitako kwanza ili hewa ipite, ndipo kinateremka bila maumivu. Namwaga, nakiosha kwa maji safi, narudisha. Hedhi ikiisha nakichemsha dakika 5 katika sufuria yake ya peke yake, kisha nakiweka katika mfuko wa kitambaa, si wa plastiki, ili kikauke.

Lakini kikombe kina masharti. Mama mwenye kitanzi cha uzazi, ambacho wengi tunakiita sterile, aongee kwanza na muuguzi, kwani kikombe kikivutwa vibaya kinaweza kukiondoa kitanzi mahali pake. Baada ya kuzaa, damu ya uzazi haikingwi kwa kikombe wala tamponi: ngoja wiki 6 na ruhusa ya muuguzi. Na mtu aliyewahi kupata mshtuko wa sumu asitumie kimoja kati ya hivyo viwili tena.

Koteksi na kitambaa vinakaa nje ya mwili, kwa hiyo hofu ya mshtuko wa sumu karibu haipo. Kasoro yao ni unyevu. Koteksi iliyokaa kutwa nzima inachubua ngozi na kuleta harufu. Ibadilishwe kila saa 4 hadi 6 hata kama haijajaa. Kitambaa nacho kinaharibiwa na aibu yetu. Tunakificha chini ya godoro au nyuma ya kabati, hakioni jua, kesho kinavaliwa kikiwa na unyevu. Hapo ndipo muwasho na fangasi vinapoanza. Mdogo wa miaka 13 nilimfundisha hivi: suuza kwa maji baridi kwanza, kwa sababu maji ya moto yanagandisha damu katika nyuzi, kisha fua kwa sabuni, suuza hadi maji yatoke meupe, anika juani mpaka kikauke kabisa. Kama anaona haya, atandike khanga nyepesi juu yake. Siku za mvua tunapiga pasi ya makaa pande zote mbili. Kikianza kuwa kigumu au kubaki na harufu baada ya kufuliwa, kinatupwa.

Kwenye pesa, fanyeni hesabu kwa bei ya soko lenu. Tuseme pakiti ya koteksi 8 ni franka 2,000. Siku 5 za hedhi, koteksi 4 kwa siku, ni 20, yaani pakiti 3. Hizo ni franka 6,000 kwa mwezi, 72,000 kwa mwaka, kwa mtu mmoja. Tuseme kikombe ni franka 40,000: mwezi wa saba kimekwisha kujilipa, na kikitunzwa kinaweza kudumu hadi miaka 10. Kitambaa ni rahisi kuliko vyote kununua, ila kinakula sabuni na maji. Anayenunua maji kwa bidoni ya lita 20 ayahesabu hayo pia.

Hivyo tuliamua. Mdogo anatumia vitambaa, maana nyumbani kuna jua na kamba. Mkubwa anakwenda na koteksi, kwa sababu bweni halina maji ya kutosha wala mahali pa kuanika bila kuchekwa. Kikombe kimoja kinamngoja likizo, ajizoeze hapa nyumbani bila haraka.

Neno la mwisho ni kwa mama ambaye binti yake anatumia tamponi au kikombe. Akishikwa ghafla na homa kali, kutapika, kuhara, kizunguzungu, maumivu ya misuli, na ngozi kuwa nyekundu kama iliyochomwa na jua, kwetu wote tutasema ni malaria. Inaweza kuwa malaria, apimwe. Lakini kwanza akitoe kilicho ndani, na apelekwe hospitali saa ile ile bila kungoja asubuhi. Mkifika, mwambieni daktari wazi: yuko katika siku zake, na alikuwa ametumia tamponi au kikombe. Daktari hawezi kuufikiria ugonjwa huu kama sisi tunanyamaza kwa haya.